Ng'ombe Mzima Anayekohoa Alfajiri

(Mhadhara kwa wafugaji, uliotolewa kwenye uwanja wa mnada baada ya kubandikwa tangazo la karantini ya homa ya mapafu ya ng'ombe)

  

Nimeitwa kuwaeleza karatasi moja. Imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji wa kijiji, imepigwa muhuri, na imeandikwa kwa lugha ambayo hata sisi tuliosomea mifugo tunairudia mara mbili. Inataja Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, inataja eneo lenye maambukizi, kisha inaamuru. Ng'ombe wasiingie wala wasitoke bila kibali. Mnada wa ng'ombe umefungwa. Ng'ombe wote waliotimiza miezi 6 wachanjwe. Atakayeona dalili atoe taarifa mara moja. Kabla sijasimama nimemsikia mzee mmoja akisema kwamba serikali imetufunga miguu, ikatuchoma sindano, halafu ikatutaka tujishitaki wenyewe. Nimelichukua neno lake kwa uzito, kwa sababu ndivyo tangazo linavyosomeka. Lakini amri zote hizo zimetokana na tabia moja ya ugonjwa huu, na mfugaji akishaijua tabia hiyo angeweza karibu kuliandika tangazo mwenyewe.

Tabia yenyewe ni kujificha.

Homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo kwa Kimaasai mnaiita olkipiei, yaani mapafu, huletwa na kijidudu kinachoitwa mikoplasma. Ng'ombe mgonjwa akikohoa, vitone vidogo vya unyevu hutoka na hewa, na jirani yake akivivuta ameshapata. Kijidudu hiki hakina nguvu nje ya mwili wa ng'ombe. Jua na ukavu hukiua upesi. Hakikai kwenye majani hadi msimu ujao, na hakibebwi na viatu vyenu kama ule ugonjwa wa miguu na midomo. Nyumbu hana hatia hapa, na nyati vilevile. Mbuzi na kondoo nao hawauenezi. Mbuzi wana homa yao ya mapafu, inayoletwa na kijidudu kingine. Binadamu haambukizwi. Kwa hiyo homa hii ikitoka kijiji kimoja kwenda kingine, ujue kuna ng'ombe aliyeibeba kwa miguu yake au kwenye lori.

Na ng'ombe huyo mara nyingi anaonekana mzima. Tangu avute kile kitone hadi aanze kuumwa zinaweza kupita wiki 3, na zinaweza kupita miezi kadhaa. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinahesabu miezi 6, ili asiachwe hata yule anayechelewa. Muda wote huo anakula, anacheua, anapandwa, na mnunuzi akimtazama machoni haoni kitu. Baadaye, akiugua na kupona, kuna maficho ya pili. Ule upande wa pafu uliooza hauondoki wote. Mwili huujengea ukuta mgumu, kama mtu anavyozungushia boma la miiba, na ndani ya ukuta kinabaki kipande cha nyama iliyokufa, chenye kijidudu kilicho hai kwa miezi mingi. Ng'ombe ananenepa tena, manyoya yanang'aa. Watafiti hawajakubaliana ni mara ngapi ukuta huo hupasuka ng'ombe akaanza kuambukiza upya. Wanachokubaliana ni kwamba kwa macho humtambui.

Sasa rudini kwenye amri ya kwanza. Mmeniuliza kwa nini ng'ombe wazima wafungwe pamoja na wagonjwa. Jibu ni kwamba hakuna mtu hapa, mimi nikiwamo, anayeweza kusimama mlangoni mwa zizi akasema huyu mzima, huyu mgonjwa. Hata kipimo cha damu kina mipaka. Kinaweza kutuambia kwamba kundi lina ugonjwa, ila kwa ng'ombe mmoja mmoja kinakosea: aliyeambukizwa juzi hakimwoni, na mwenye lile pafu lililozungushiwa ukuta kinaweza kumpita. Ndiyo maana tunalifunga kundi zima, na tunalihesabia miezi badala ya siku. Kila anapopatikana mgonjwa mpya, hesabu inaanza upya. Naijua hasira inayokuja na neno hilo. Ada ya shule inadaiwa leo, na ng'ombe wa kuuza yumo zizini.

Lakini kumbukeni ugonjwa huu ulivyoturudia. Tanzania ilikuwa imeumaliza tangu mwaka 1964. Mwaka 1990 ukaingia tena kupitia Loliondo, na ndani ya miaka michache ulikuwa umefika nyanda za juu kusini, mwendo wa mamia ya kilomita. Ulisafiri na ng'ombe walionunuliwa, waliohamishwa, waliopewa ndugu. Wakati huohuo Botswana iliingiliwa na homa hiihii, mwaka 1995 huko Ngamiland, nayo ikachagua njia nyingine kabisa: mwaka 1996 iliua ng'ombe wote wa wilaya ile, takribani 320,000. Ugonjwa ukaisha. Sisi hatuna fedha za kuwalipa ninyi ng'ombe wote hao, wala sidhani kuna mtu hapa angependa kuiona siku ile. Karantini ndiyo njia ya nchi isiyotaka kuua kundi zima.

Haikufungi kila kitu, na hapa naomba msikilize vizuri. Tangazo hili linasema ng'ombe. Mbuzi wako hawahusiki, ila nao wanahitaji kibali chao cha kawaida kama siku zote. Maziwa yanauzwa. Ng'ombe anayekwenda moja kwa moja machinjioni anaweza kuombewa kibali maalumu: daktari wa mifugo wa wilaya anamkagua, anaandika idadi, rangi na alama au namba ya hereni, anaandika atakakokwenda na siku ambazo kibali kina nguvu, na kule machinjioni mkaguzi wa nyama anamsubiri. Nyama yake inaliwa. Mapafu yanatupwa. Mwenye shida ya ada aanzie hapo, asianzie kwa dereva wa lori la usiku.

Na kuhama si lori tu. Mitamba wawili wa mahari wanaoswagwa jioni kwenda boma la jirani wamehama. Ng'ombe wa maziwa uliyemwazima shemeji yako amehama. Makundi mawili yanayolala zizi moja kwa sababu ya simba yamechanganyika, na usiku ndio saa mbaya kuliko zote, kwa kuwa ng'ombe wamebanana pua kwa pua na anayekohoa anawakoholea kumi kwa mara moja. Ikiwa kuna jambo moja la karantini ambalo mtu anaweza kulitimiza bila kumwomba ofisa yeyote, ni hili la kulala mbalimbali.

Nichukue mfano, niutembeze polepole. Sitaji boma la mtu. Nimeupanga kutokana na mengi niliyoyaona kwa miaka. Mzee ana ng'ombe 120. Ananunua dume zuri mnadani, bila kuuliza kibali kilikoandikiwa. Muuzaji alimsikia dume yule akikohoa wiki moja nyuma, akampiga sindano ya oksitetrasaiklini, kikohozi kikapungua, akamleta sokoni. Dume anaingia kundini siku ileile na usiku analala katikati ya mitamba.

Wiki ya 6, kijana anayekamua anasema kuna jike anayekohoa alfajiri. Kikohozi kikavu, kifupi, hasa anapoinuka na anapokimbizwa kwenda kisimani. Mchana hakohoi. Baba anasema ni vumbi. Wiki ya 8 ndama wawili wanavimba magoti ya mbele na wanachechemea, na wote wanasema ni baridi ya masika. Hapo pana jambo ambalo wengi hamjaambiwa: ndama mdogo akipata homa hii, mara nyingi haendi mapafuni. Inamshika viungo. Ndama wenye magoti yaliyovimba katika boma lenye mkubwa anayekohoa ni dalili ile moja iliyojitokeza kwa sura mbili.

Wiki ya 9 yule jike anasimama na shingo imenyooshwa mbele, viwiko vimetanuliwa nje, mgongo umepinda, na ukimbonyeza kati ya mbavu anaguna kwa maumivu. Wanamchinja kabla hajafa. Wanafungua kifua na maji ya rangi ya majani makavu yanamwagika, ndoo na zaidi. Pafu moja ni zima, la waridi; lile jingine limekuwa zito kama ini, na ukilikata linaonekana kama jiwe la marumaru, jekundu kwa jeusi na mistari myeupe katikati. Juu yake pana utando wa manjano kama yai lililokaangwa. Kila mtu bomani ameuona. Mapafu wanapewa mbwa, nyama inagawanywa, na hakuna anayesema.

Wiki ya 10 jirani aliyekuwa akinywesha naye kwenye lambo lilelile anapeleka ng'ombe 40 kwenye malisho ya kiangazi. Wiki ya 14 ofisa mifugo anapata habari, tena kwa mchuuzi wa ngozi. Sasa atafute nani? Amtafute aliyemuuza dume, na wote walionunua kwake siku ile. Atafute lile kundi la 40 na makundi yaliyokutana nalo huko malishoni. Wiki ya 6 kazi ilikuwa boma moja na kikohozi kimoja. Wiki ya 14 ni kata tatu, na karantini ambayo ingemfunga mzee mmoja inafunga mnada wa watu wote. Mnada huu tuliosimama ndani yake leo ulifungwa kwa namna hiyo.

Nimeufuata mfano kwa urefu kwa sababu amri ya taarifa ndiyo mnayoiogopa zaidi. Mnasema, nikisema nitafungiwa mimi. Ni kweli, utafungiwa. Ila kundi lako lilikuwa limeshafungwa na ugonjwa kabla ya ofisa kufika. Sheria inamtaka mwenye mnyama, au yeyote anayemchunga, atoe taarifa anaposhuku. Haimtaki awe na hakika. Huhitaji kujua jina la ugonjwa. Unamwendea ofisa mifugo wa kijiji au kata, na kama hayupo, mtendaji. Unamwambia una ng'ombe wangapi, wangapi wanakohoa na tangu lini, ndama wenye magoti ni wangapi, nani ameingia kundini miezi 6 iliyopita, nani ametoka, na mnanywesha pamoja na akina nani. Maswali matatu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, na hakuna maabara inayoweza kuyajibu isipokuwa wewe. Wakati unamsubiri, mtenge anayekohoa na usimpeleke kisimani pamoja na wenzake, mpelekee maji.

Akifa au akichinjwa, usiwape mbwa yale mapafu kabla hayajaonwa. Kipande cha pafu lililo zito, na maji ya kifuani kwenye chupa safi, vikiwekwa kwenye barafu bila kutiwa dawa yoyote, ofisa anaweza kuvifikisha kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari. Hapo tutajua kwa hakika. Na mkaguzi wa nyama aliyeko machinjioni ni mwenzenu. Mara nyingi ndiye anayeuona ugonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote, ila akimwona ng'ombe ambaye hakuja na kibali hawezi kusema alitoka boma gani.

Sasa sindano. Hapa kuna lawama mbili na zote mbili zina chimbuko.

Ya kwanza ni kwamba tunachanja kila mwaka, na ugonjwa haumaliziki. Wazee mnaikumbuka sotoka. Chanjo yake ilimkinga ng'ombe karibu maisha yake yote, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha. Mlizoea chanjo ya namna hiyo. Ya homa ya mapafu si kama ile. Inaitwa T1/44, na herufi ile T inatukumbusha kwetu, kwa kuwa kijidudu chake kilipatikana hapa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikapunguzwa makali kwa kupitishwa mara 44 katika mayai ya kuku. Ni chanjo nzuri, lakini kinga yake inadumu kama mwaka mmoja, na dozi moja haiwakingi wote waliochomwa. Ya pili inaongeza waliokingwa, na ya tatu inaongeza tena. Anayechanja mwaka huu akaruka miwili amerudi alipoanzia. Vilevile, ukichanja 70 kati ya 120 na kuwaficha 50 porini, wale 50 ndio watakaoutunza ugonjwa.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: chanjo imeua ng'ombe wangu. Nimeshasimama mbele ya mfugaji aliyeniambia hivyo akilia, na sikuwa na haki ya kumwambia amekosea kabla ya kukaa naye. Kinga haiji siku ya sindano. Inachukua kama wiki 3. Katika kundi ambalo ugonjwa umeshaingia, wapo waliokwishavuta kile kitone kabla hatujafika. Hao watakohoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tano baada ya chanjo, nasi tutaonekana tumeleta balaa. Ndiyo maana tangazo linataka wachanjwe hata ng'ombe wa maboma yaliyo mbali na ugonjwa, ambako sindano inatangulia.

Hata hivyo chanjo yenyewe inaweza kuumiza. Ni kijidudu hai kilichopunguzwa nguvu, na kwa baadhi ya ng'ombe, wiki 2 hadi 4 baadaye, mahali palipochomwa panavimba na kuwa moto. Kwa sababu hiyo wachanjaji wengi wanachoma chini ya ngozi karibu na ncha ya mkia, mahali ambapo uvimbe hauwezi kutambaa upesi kwenda mwilini. Ukiona mkia umevimba na uvimbe unapanda, mwite aliyechanja, maana huyo anatibika.

Usichukue dawa mwenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapoiharibu chanjo bila kujua. Oksitetrasaiklini ikiwa mwilini inakiua kijidudu cha chanjo kabla hakijafundisha mwili chochote. Umelipa, umeteseka na foleni, na ng'ombe ametoka mtupu. Mwambie mchanjaji kila ng'ombe uliyempiga sindano katika wiki mbili zilizopita. Hatukutozi faini kwa kusema. Tunamwandika arudi siku nyingine. Penisilini nayo haina kazi kwa ugonjwa huu, kwa kuwa dawa ile huvunja ukuta wa bakteria, na mikoplasma haina ukuta wa kuvunjwa. Na kumtibu anayekohoa ili umpeleke sokoni, kama yule muuzaji wa dume, kunapunguza kikohozi na kuacha pafu lilivyo. Kuna wataalamu wanaotafiti upya kama dawa zinaweza kutumika kwa utaratibu, chini ya daktari, katika kundi lililofungwa. Hilo ni jambo la kwao na la siku zijazo. Chupa unayonunua dukani na kuipima kwa macho ni jambo jingine.

Ninyi nanyi mnayo haki ya kumkagua mchanjaji. Chanjo inakuja ikiwa unga mkavu ndani ya chupa ndogo, nayo lazima itoke kwenye kasha lenye barafu. Ikishachanganywa na maji yake itumike ndani ya saa moja hivi, ikiwa kivulini na kwenye baridi. Mkiona chupa iliyochanganywa imewekwa juu ya boneti ya gari juani wakati watu wanakunywa chai, ulizeni. Chanjo iliyopata joto imekufa, na ng'ombe aliyechomwa maji hayo ataandikwa kwenye daftari kuwa amekingwa. Mimi ningependa zaidi kuulizwa maswali ya ukali na wazee ishirini kuliko kurudi hapa mwakani na daftari la namna hiyo.

Kesho tunaanza kwenye njia ya josho, jua halijachomoza, kabla ng'ombe hawajapata joto la kukimbizwa. Boma moja litaingia, litatoka, ndipo la pili lisogee. Tafadhali msiwakutanishe uwanjani mkingojea zamu. Leteni wote waliotimiza miezi 6, na wale waliofichwa ng'ambo ya korongo wawemo. Anayekohoa aachwe nyumbani, na ndama mwenye goti lililovimba asije. Hao msiwalete, nifuateni mimi jioni nije kuwaona huko waliko.